Mstari wa Wapandaji

Orfelinda Yumbato hakuwa mtu wa kukaa. Katika ofisi yetu ya Puerto Maldonado, meza yake ndiyo pekee iliyoinuliwa kwa matofali ili aandike akiwa wima, na hata hapo hakudumu. Aliandika sentensi moja, akaenda mlangoni kutazama mawingu, akarudi, akafuta nusu ya alichoandika, akaja stoo kuniuliza bei ya misumari ya alumini, akaondoka kabla sijamaliza kujibu. Waliomzoea hawakuudhika. Mumewe, Hermógenes, alikuwa akisema kwamba wenzake walioa wanawake, yeye alioa feni.

Kazi yake ilikuwa bajeti. Alianza ujanani kama mpokea fedha kwenye kituo cha mafuta cha mtoni, akahamia kwetu wakati shirika lilikuwa vyumba viwili na mtumbwi wa injini. Watu wengi hudhani bajeti ni tarakimu. Tarakimu ni nusu yake tu. Nusu ya pili ni kurasa za maelezo, ambamo kila mstari wa jedwali unasimama mbele ya mgeni asiyewahi kuuona mto huu na kujitetea: mimi ni nini, nimekokotolewaje, na kwa nini kazi haiwezekani bila mimi. Mfadhili hasomi moyo wako, husoma kurasa hizo. Orfelinda alikuwa na swali moja aliloliuliza kila mstari, kwa sauti, akitembea: "Wewe ukikosekana, nini kinaharibika?" Mstari ukishindwa kujibu, aliufuta.

Kilichokuwa kikiombewa fedha mwaka ule ni ploti zetu sita za msituni, mwendo wa siku nzima kwa mtumbwi kutoka mjini. Kila ploti ni hekta moja. Kila mti uliofikia unene wa sentimita kumi una kibati chenye namba na mstari wa rangi panapopimwa. Kila baada ya miaka mitano kikosi hurudi, hupima miti ileile palepale, huandika iliyokufa, na huivisha vibati miti michanga iliyofikia unene. Kipimo kimoja peke yake hakina maana kubwa. Thamani iko katika kurudi. Ndiyo maana fedha za kurudi huombwa mapema, kabla msimu wa ukavu haujafika, na ndiyo maana ofisi nzima hukosa usingizi wa mchana wiki ya kutuma andiko.

Wiki ile baridi ya kusini ilikuwa imeingia. Huja ghafla, katikati ya joto, ikafunga mbingu, na watu wa mji wetu wasio na makoti hutembea wamejifunga mablanketi ya vitandani. Orfelinda alivaa soksi mbili na sweta la mumewe. Jumatatu asubuhi alimpelekea mkurugenzi, Daktari Maruja Zevallos, jedwali na maelezo yake. Daktari Maruja alikuwa mwanamke mwembamba, mwanabotania, mtu wa haki lakini mchovu, maana shirika zima lilining'inia kwenye uwezo wake wa kuomba. Alisoma kwa kidole. Kidole kikasimama.

"Orfe, hii bima ya wapandaji imetoka wapi?"

Orfelinda akasema imetoka kwake. Ilikuwa bima ya kazi za hatari, ile inayolipwa na mwajiri: hospitali mtu akiumia, na malipo ya kila mwezi kwake asipoweza tena kufanya kazi, au kwa familia yake akifa. Wapimaji wa chini walikuwa nayo. Wapandaji, wale wanaopanda mitini kukata matawi yenye majani na maua ili mti upate jina lake, hawakuwa nayo, kwa sababu tangu mwanzo waliandikwa kama mafundi wanaojitegemea, kila mmoja na risiti yake. Anayejitegemea akianguka, huanguka kwa gharama zake.

Daktari Maruja aliijua hadithi ile vizuri. Sote tuliijua. Hermógenes alikuwa mpandaji wa upimaji wa kwanza kabisa, ule ulioanzisha ploti. Tawi la mti wa tatu kwa ukubwa katika ploti ya nne lilikatika naye. Alishushwa mtoni kwenye machela ya miti, akapandishwa basi la Cusco, na mguu wake ukaungwa kwa vyuma. Fedha zilitokana na pollada. Kila mtu wa huku anaijua pollada: mtu akipatwa na jambo, marafiki huuza tiketi, na kila tiketi ni sahani ya kuku wa kukaanga na viazi, na muziki hadi majirani wachoke. Kuku waliliwa, watu walicheza, nauli ya kwenda Cusco ikapatikana pamoja na sehemu ya gharama za vyuma. Sehemu iliyobaki Orfelinda aliilipa kwa miaka. Hermógenes sasa hutengeneza injini za mitumbwi chini ya bati nyuma ya nyumba, mguu mmoja umenyooka mbele yake kama kasia.

Daktari Maruja hakubisha kuhusu haki. Alibisha kuhusu paa. Mfadhili alikuwa ameweka kiwango cha juu ambacho ombi haliruhusiwi kukivuka, na jedwali lilikuwa limekivuka. Tena kila kinachoongezwa huvuta nyuma yake asilimia ya uendeshaji wa ofisi, kwa hiyo bima ya watu wanne kwa msimu mzima haikuwa kitu kidogo. Akapendekeza iandikwe kwa jina jingine: fungu la dharura, dogo, ajali ikitokea lisaidie.

"Hawapokei dharura," Orfelinda alisema. "Wameandika wazi kwenye masharti. Kitu kisichojulikana kama kitatokea hawakilipii."

"Basi ondoa ploti moja. Ondoa ile ya kinamasi."

"Ukiiondoa hiyo, nini kinaharibika?"

Daktari Maruja akavua miwani. Ploti ya kinamasi, yenye minazi mwitu ya aguaje, ndiyo pekee ya aina yake katika sita zile, na ikirukwa, miaka kumi ya mfululizo hubaki na shimo lisilozibika. Alijua hivyo kuliko sote. Akasema basi iondolewe bima, kama miaka yote, na Mungu awashike wapandaji kama alivyowashika. Andiko linatumwa Ijumaa. Akampa Orfelinda hadi Alhamisi atafute njia nyingine, na akisema hivyo alikuwa tayari anafungua faili jingine.

Siku mbili zilizofuata Orfelinda alitutesa. Alikuja stoo akataka kujua kama vibati vya zamani haviwezi kutumika tena. Nikamweleza anachokijua: mti unaponenepa humeza msumari na kibati chake, kwa hiyo kila upimaji lazima misumari ivutwe nje na mingine ibadilishwe. Akauliza kama misumari inaweza kuwa ya chuma, ni rahisi zaidi. Nikamwambia chuma huoza na kuudhuru mti. Akasema anajua, alitaka tu kusikia kama nitasema kitu kingine. Akapunguza mchele wa kambi, akaurudisha. Akapunguza mafuta ya injini, akampigia simu nahodha, akayarudisha. Akaenda hadi daraja la mto akarudi, kwa miguu, kwenye upepo wa baridi, akanunua ndizi za kukaanga, akasahau kuzila mezani kwangu.

Nyumbani, alivyotusimulia baadaye, Hermógenes alimwambia aliache jambo hilo. Mguu ni wake, si wa Abdías wala wa mpandaji mwingine yeyote, na yeye haulalamikii. Orfelinda akamjibu kwamba yeye hulalamika usingizini.

Njia ilipatikana Jumatano alasiri, na haikupatikana kwa akili ya mtu mmoja. Daktari Maruja alikuwa akisoma kwa sauti sehemu yake ya kisayansi, kama afanyavyo kabla ya kutuma, na Orfelinda alikuwa akizunguka chumba akilinganisha kila neno na jedwali. Jopo la wasomaji hupenda kutafuta mahali ambapo sayansi inasema hivi na bajeti inasema vile. Daktari Maruja akasoma kwamba sampuli za majani zitakusanywa kutoka kwa miti mipya iliyofikia unene, pamoja na ile ambayo jina lake bado lina mashaka.

Orfelinda akasimama. Kwa mara ya kwanza wiki ile alisimama kweli.

"Soma tena."

Daktari Maruja akasoma tena. Akavuta jedwali. Mstari wa wapandaji ulisema siku za kupanda za kutosha kukusanya sampuli za miti yote ya ploti zote. Mstari ule ulikuwa wa upimaji wa kwanza, wakati hakuna mti uliokuwa na jina. Tangu hapo ulinakiliwa kutoka andiko hadi andiko. Bei za siku zilibadilishwa, idadi ya siku haikuguswa, na hakuna aliyeona, kwa kuwa maelezo yake yalisomeka vizuri. Miti mikubwa ilikwisha kupandwa na majina yake yapo kabatini, yamebandikwa kwenye karatasi. Miti mipya ni myembamba, haibebi mtu. Matawi yake hukatwa kutoka chini kwa mkasi wa mlingoti mrefu, au mtu hupanda mti jirani. Kilichobaki cha kupanda ni ile yenye mashaka, michache.

"Hili ni letu sote wawili," Daktari Maruja alisema. "Mimi nimeandika sayansi bila kutazama jedwali, nawe umenakili jedwali bila kusoma sayansi."

"Tungetuma hivi, wangetucheka."

"Wasingetucheka. Wangetukata."

Siku za kupanda zikapungua zaidi ya nusu. Kisha Orfelinda akaona jambo la pili. Kampuni ya bima hudai mwezi mzima kwa kila mtu, hata kama alipanda siku tatu. Desturi yetu ilikuwa kupanda kidogokidogo, ploti moja mwezi huu, nyingine mwezi ujao, kufuatana na mtumbwi. Upandaji wote ukipangwa mfululizo katikati ya ukavu, nyuma ya wapimaji wanaotangulia kuandika miti yenye mashaka, bima italipwa kwa miezi michache tu. Aliandika hesabu kwenye kisanduku cha chaki, akaikagua akitembea, akaikagua tena. Jedwali likaingia chini ya paa, bima ndani yake, ploti ya kinamasi ndani yake.

Nilidhani angefurahi. Alichukua sweta lake, akalivaa, akalivua.

Siku zile zilizozidi hazikuwa hewa. Zililipwa. Miaka yote wapandaji walipomaliza kupanda waliwekwa kubeba mizigo, kusafisha njia, kushika utepe, na wakahesabiwa siku zao kamili. Abdías Tangoa, mpandaji wetu wa zamani kuliko wote, alikuwa akijenga nyumba yake chumba kwa chumba kulingana na upimaji: chumba kimoja, upimaji mmoja. Na Orfelinda ndiye aliyemshika binti yake mkubwa kwenye ubatizo, hivyo waliitana komadre na kompadre, na kwetu huo ni undugu usioisha kwa kuhama wala kwa kugombana.

Daktari Maruja alisema wapandaji watajulishwa andiko likipita. Orfelinda akasema hapana. Hatamwandikia kompadre wake sentensi asiyoweza kumwambia usoni.

Alhamisi asubuhi alivuka mto kwenda El Triunfo. Nilikwenda naye kwa kuwa nilikuwa na mitungi ya gesi ya kuchukua upande ule. Tulimkuta Abdías uani akikaanga unga wa muhogo kwenye sinia kubwa la bati, akiugeuza kwa kasia, moshi ukimwingia machoni. Ni mtu mfupi, mabega mapana, mwenye vidole vya miguu vilivyotawanyika kama vya bata. Alifurahi kumwona. Akaita ndani iletwe chapo, uji mwepesi wa ndizi mbivu, wa moto, kwa ajili ya baridi.

"Komadre, keti. Au kiti changu kina miiba kama cha ofisini?"

Hakuketi. Alimweleza yote akiwa amesimama karibu na moto, kwa mpangilio, kwanza bima kisha siku, na akamweleza kwa nini. Abdías aliendelea kugeuza unga. Alipoacha, akauliza jambo moja tu, siku zake zimebaki ngapi, na alipoambiwa akacheka kicheko kifupi.

"Kwa hiyo umenipunguzia chakula ili uninunulie jeneza."

"Si jeneza. Ni hospitali."

"Bima hailiwi, komadre. Unga huu unaliwa." Akachota kidogo kwa kiganja, akaurudisha. "Nikianguka mtanifanyia pollada. Watu wa huku wananipenda. Nitauza kuku kuliko Hermógenes."

"Pollada ya Hermógenes ilikuwa kubwa kuliko zote zilizowahi kufanywa mtaa ule. Wewe mwenyewe ulicheza hadi viatu vikakatika. Unajua ilinunua nini? Nauli na sehemu ya vyuma vya goti. Kuku wakaisha. Mguu haukuisha."

Abdías alisema yeye si Hermógenes, yeye huangalia tawi kabla ya kulikanyaga. Orfelinda akasema hata Hermógenes aliangalia. Kisha Abdías akabadilisha njia. Akasema kwa upole kwamba kama ni kalamu, kalamu iko mkononi mwake. Mgeni huko alikokaa hatakuja kuhesabu nani alipanda na nani alibeba gunia. Aache mstari ulivyokuwa, aongeze bima mahali pengine, apunguze kitu cha wakubwa.

"Nimeshajaribu mahali pengine pote. Na mstari ule umeshindwa kujibu, kompadre. Nikiuacha, jopo litaukata lenyewe, tena litakata na mingine pamoja nao. Ndipo hamtakuwa na siku wala bima."

"Basi niandike kwenye kupima."

"Kupima kuna watu wa kijiji chenye ardhi ya ploti zetu. Tuliwaahidi kwenye mkutano wao. Nikuweke wewe, nimtoe nani?"

Wengi wa watu wale ni wa ukoo wa mke wa Abdías. Mke wake alikuwa ameleta vikombe vya chapo na akasimama navyo mkononi, akisikiliza. Aliviweka juu ya pipa, akamtazama mumewe kwa muda, kisha akaingia ndani. Abdías akarudi kwenye unga wake. Ulikuwa umeanza kuungua upande mmoja.

"Nenda, komadre," alisema bila kugeuka. "Kaandike unachoandika."

Chapo ilibaki ikipoa juu ya pipa. Kwenye daraja Orfelinda alitembea mbele yangu kwa kasi hadi nikalazimika kuacha mitungi ipelekwe na motokar, pikipiki ya magurudumu matatu.

Siku ile aliandika aya ya wapandaji mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Aliandika, akachana, akaandika. Daktari Maruja akamwambia aya moja haihitaji jasho lote hilo. Orfelinda akasema hii inahitaji. Ilipokamilika ilikuwa fupi, na nilipewa niisome kama mtu asiyejua kitu:

"Wapandaji wanne. Katika upimaji huu sampuli zinahitajika kwa miti mipya na ile yenye jina la mashaka tu, kwa hiyo siku za kupanda ni chache kuliko katika maombi yetu ya awali, ambayo yalikokotolewa kana kwamba miti yote ingekusanywa. Mingi ya miti mipya itakusanywa kutoka chini. Upandaji utafanywa mfululizo. Wapandaji wataajiriwa kwa mkataba na kukatiwa bima ya kazi za hatari kwa miezi yote watakayopanda, kwa kuwa kupanda mti mrefu ni sehemu ya hatari kuliko zote katika kazi hii, na kazi haiwezi kufanyika bila mtu kupanda."

Daktari Maruja alitaka kuondoa maneno kuhusu maombi ya awali. Si lazima kujianika, alisema. Orfelinda akajibu kwamba msomaji makini atalinganisha andiko hili na lililopita, ataona siku zimeshuka, na kama hakuelezwa atadhani kazi imepunguzwa. Daktari Maruja akafikiri, akakubali, akaitafsiri aya yote kama ilivyo kwa lugha ya mfadhili.

Ijumaa umeme ulikatika mara mbili. Jedwali lilipakiwa, tovuti ya mfadhili ikalikataa kwa sababu jumla ya maelezo ilitofautiana na jumla ya jedwali. Orfelinda alikuwa ameurudisha mchele mahali pamoja akausahau pa pili. Alirekebisha akiwa amesimama mguu mmoja juu ya mwingine, kama korongo. Faili likapita wakati mji wa mfadhili ulikuwa bado na mchana kidogo. Daktari Maruja akamkumbatia, akaenda kulala. Orfelinda akafagia ofisi.

Miezi ile ya kusubiri Abdías hakuja kwetu. Habari zake zilipita njia nyingine: amepata kazi ya kumenya njugu kubwa za msituni kwenye kiwanda kidogo cha njia ya Iberia, anaendelea na chumba chake polepole. Siku ya mtakatifu mwenye jina la binti wa Abdías, Orfelinda alipeleka keki. Ilipokelewa mlangoni, kwa heshima, na mke wa Abdías. Orfelinda alirudi akasema keki ilipokelewa, lakini wiki nzima alihesabu upya mambo ambayo yalikwisha kuhesabiwa.

Jibu lilikuja wakati wa mvua. Fedha zimetolewa. Jopo lilikuwa na swali moja kuhusu bajeti, nalo halikuwa kuhusu bima wala wapandaji. Walitaka kujua kwa nini tunanunua tena misumari ya alumini kwa miti ambayo tayari ina misumari. Orfelinda aliingia stoo na karatasi ile akicheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwa muda mrefu, akaniambia niandike mwenyewe jinsi mti unavyomeza. Niliandika. Akarekebisha kidogo.

Msimu wa ukavu ulipofika, wapimaji walitangulia, na baada yao ikaja zamu ya wapandaji. Asubuhi ya kuondoka Orfelinda alikuwa bandarini kabla ya nahodha, na mikataba na fomu za bima ndani ya mfuko wa plastiki. Hermógenes alikuja naye, akibeba kiti cha kukunja, kwa sababu mguu wake haukubali kusimama mtoni. Wapandaji watatu walifika, wakasaini. Wa nne hakuwepo. Nahodha alipakia mchele, akapakia vibati, akapakia mlingoti wa mkasi uliofungwa kwa kamba. Akatazama jua. Orfelinda alitembea kutoka mwanzo wa gati hadi mwisho, akarudi, hadi Hermógenes akamwambia, "Bibie, utatoboa mbao."

Abdías alishuka kwenye motokar na begi lake na vyuma vya kupandia vikigongana. Aliwasalimia wote kwa mkono. Orfelinda naye alimsalimia kwa mkono, kama wengine. Akachukua fomu, akaisoma yote, polepole, akiishikilia mbali na macho.

"Hapa wanataka jina la mke na majina ya watoto," alisema. "Hawaulizi jina la komadre aliyekula siku zangu."

"Wangeuliza ningeliandika mwenyewe," Orfelinda akasema.

Akasaini. Alipomrudishia kalamu, akatoa kwenye begi mfuko wa unga wa muhogo, akampa Hermógenes, si yeye. Alisema ni ule mweupe, usioungua. Kisha akapanda mtumbwini, akakaa mbele kabisa na vyuma vyake magotini, na kabla injini haijawaka akamwambia Hermógenes kwa sauti ya kusikika gati zima, "Shemeji, mkalishe huyo. Anatuyumbishia mto."

Mtumbwi ukaondoka. Hermógenes akasimama kwa shida, akamfungulia mkewe kiti. Orfelinda akakipokea, akauweka juu yake mfuko wa unga na mfuko wa fomu, akaendelea kutembea kando ya maji hadi sauti ya injini ikafifia nyuma ya kona.